Kusimama tuli shifti nzima kunachosha kuliko kutembea: niliyojifunza kuhusu pampu ya shavu la mguu

Nimefanya kazi mbili na zote zilikuwa za miguu. Ya kwanza nilikuwa napeleka vifurushi kwa kutembea, mlango hadi mlango, ngazi kwa ngazi, asubuhi mpaka jioni, na nikirudi nimechoka ndio lakini ni ule uchovu wa mwili mzima, ukioga ukala ukalala basi kesho yake umeamka mzima. Ya pili nikapata ulinzi wa mlangoni, unasimama pembeni ya mlango wa jengo, unasalimia watu, unaangalia vitambulisho. Watu wakaniambia umeula, sasa miguu itapumzika. Jamani. Baada ya muda si mrefu nilikuwa narudi nyumbani nanyanyua miguu kwa mikono ili nipande kitandani, soksi zimeacha alama kama nimefungwa kamba, mashavu ya miguu mazito yanawaka moto, na usiku yananibana mpaka naamka. Na hapo sijatembea hata nusu ya nusu ya nilivyokuwa natembea zamani.

Hii ndo kitu iliyonisumbua akili. Kutembea kunatumia nguvu nyingi zaidi kuliko kusimama, hilo halina ubishi, mtu anayetembea anahema zaidi na anasikia njaa mapema. Sasa inakuwaje kazi inayotumia nguvu kidogo ndo inamaliza miguu? Nilikuwa nikiuliza najibiwa ni uzee (sina uzee wowote), ni baridi imeingia, ni viatu, kula ndizi upate madini. Wenzangu wawili watatu walikuwa na dawa yao kabisa, wanapunguza kunywa maji ili miguu isivimbe na ili wasiombe ruhusa ya choo kila saa, na hilo la maji nitalirudia maana lilileta balaa.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, nilienda kwake nikidhani nina ugonjwa wa mishipa. Akanibonyeza juu ya kifundo cha mguu kwa kidole gumba, akakiacha hapo kidogo, alipokitoa pakabaki shimo. Akaniangalia akauliza swali moja tu, "Mwanangu, ukiwa pale mlangoni kwa saa nzima, kisigino chako kinanyanyuka chini mara ngapi?" Nikafikiria. Nikamwambia mama, tumekatazwa kutingishika. Akacheka, akasema basi umezimiwa pampu.

Alivyonieleza ni hivi. Moyo unasukuma damu kwenda chini mpaka kwenye vidole vya miguu kwa presha nzuri tu, lakini damu ikishapita kwenye mishipa midogo kabisa na kuingia kwenye vena, ile mishipa ya kurudishia, presha ya kusukuma imebaki kidogo sana. Na bado ina safari ya kupanda kutoka kwenye kifundo hadi kifuani. Akachukua futi ya fundi cherehani akapima, kutoka usawa wa moyo hadi kifundo changu ni kama sentimita 120. Akasema sasa piga hesabu uzito wa safu ya damu yenye urefu huo. Sentimita 120 ni milimita 1,200 za damu. Mashine ya presha inahesabu kwa milimita za zebaki, na zebaki ni nzito kuliko damu karibu mara 13, kwahiyo gawa 1,200 kwa 13 unapata tisini na kidogo. Yaani mtu mzima mwenye afya, akisimama tuli, vena zake pale kwenye kifundo zina presha ya kama 90 kwa sababu tu ya urefu wake, wakati akiwa amelala chali ni kama 10 tu hivi. Ukiwa mrefu zaidi ndo inazidi.

Hapa watu wengi wanakosea na kusema damu inasimama miguuni. Haisimami. Ule uzito uliopo upande wa vena upo pia upande wa ateri, zinasawazishana, kwahiyo moyo bado unaizungusha damu hata ukisimama kama mlingoti. Shida ni kwamba ateri zina ukuta mgumu lakini vena zina ukuta laini unaotanuka. Ukizipa presha ya 90 zinatanuka na kujaa. Mtu akitoka kulala akasimama, kama nusu lita ya damu au zaidi inahama kutoka kifuani kushuka tumboni na miguuni, na sehemu kubwa inahama ndani ya dakika za mwanzo tu. Halafu kinachofuata ni cha polepole lakini ndo kinachokuvimbisha, presha ikiwa juu muda mrefu maji ya damu yanachujwa kupitia kuta za mishipa midogo na kuingia kwenye nyama. Mtu akisimama tuli nusu saa, zaidi ya asilimia 10 ya yale maji ya damu yanaweza kuwa yametoka nje ya mishipa. Yanarudi ukilala, ndo maana asubuhi kifundo kimekuwa chembamba tena na unadhani umepona.

Sasa pampu yenyewe. Ndani ya shavu la mguu kuna misuli miwili mikubwa, ule wa juu unaoonekana umetuna na mwingine bapa uliolala chini yake, yote inashuka na kuungana kwenye ule mshipi mgumu nyuma ya kisigino. Katikati ya nyama hiyo zinapita vena za ndani, na ule msuli wa chini una vijifuko vipana vya vena vinavyohifadhi damu. Misuli yote imefungwa ndani ya utando mgumu usiotanuka. Kwahiyo ukinyanyua kisigino msuli unanenepa, hauna pa kwenda kwa nje, unazibana vena. Kubana kumoja kizuri kunaweza kutoa zaidi ya nusu ya damu iliyokuwemo kwenye vena za shavu. Itaenda wapi? Chini haiwezi, kwa sababu ndani ya vena kuna valvu, vijipande viwili vyembamba vya utando vinavyokutana katikati, vinaruhusu damu kupanda na vinafunga ikitaka kushuka. Basi inapanda.

Valvu unaweza kuziona zikifanya kazi mwenyewe bila kifaa chochote. William Harvey, yule daktari Mwingereza, alilionyesha hili mwaka 1628 na linafanyika mpaka leo. Shusha mkono wako chini mpaka vena za mkono kati ya kiganja na kiwiko zitokeze, chagua moja ndefu iliyonyooka. Weka kidole kimoja upande wa kiganja ubane hapo, usiachie. Kwa kidole kingine sukuma damu kuelekea kwenye kiwiko, kisha kiondoe kile kidole cha pili. Kama umevuka kivimbe kidogo kilichokuwa kwenye mshipa, hiyo ndo valvu, utaona kipande cha mshipa kati ya kidole chako na kile kivimbe kimebaki tupu, bapa, wakati juu yake kumejaa damu ambayo haishuki. Achia kidole cha kwanza, kinajaa papo hapo kutokea chini. Nilifanya hivi mlangoni wakati hakuna watu na nilishangaa kama mtoto.

Turudi mguuni maana hapa ndo utamu wa habari. Ukisimama tuli valvu zinakuwa wazi zote, damu inaingia polepole kutokea chini inazisukuma, na safu inakuwa moja ndefu isiyokatika kutoka kifundo hadi moyoni, ndo hiyo presha ya 90. Ukipiga hatua msuli unabana, damu inaruka juu. Msuli ukilegea, vena ziko nusu tupu, valvu za juu zinafunga, na ile safu ndefu imekatwa vipande vipande, kila valvu imebeba kipande chake kifupi. Wakati huohuo vena za nje, zile za chini ya ngozi, zinamwaga damu yake kuingia za ndani ambazo zina nafasi. Baada ya hatua kumi hivi za kawaida presha pale kwenye kifundo imeshuka kutoka 90 hadi kwenye 20 au 30. Mtu yuleyule, urefu uleule, amesimama wima vilevile, tofauti ni kwamba anatembea. Nilipoielewa hiyo nikajua kwanini vifurushi havikuwahi kunivimbisha miguu.

Ila kuna upande wa pili ambao yule mama alisisitiza, alisema ule uchovu haumalizwi na habari ya damu peke yake. Ukisimama, uzito wa mwili hauanguki sawasawa juu ya kifundo, unaanguka mbele yake kidogo. Ungeachwa hivyo ungeinama ukaanguka kifudifudi. Kinachokuzuia ni misuli ya shavu, hasa ule wa chini, unavuta kidogokidogo muda wote bila kupumzika. Nguvu yenyewe ni ndogo ndo maana huhemi, lakini haikatiki, na nyuzi zilezile za msuli ndo zinabeba zamu hiyo mwanzo mwisho. Ni kama kushika ndoo yenye maji kidogo kwa mkono ulionyooka mbele, kuinyanyua na kuishusha unaweza muda mrefu ila kuishikilia tu pale hewani mkono unaanza kutetemeka. Ukitembea kila mguu unabana kisha unalegea, na pale unapolegea ndo damu mpya inaingia na uchafu wa kazi unatoka. Ukisimama msuli unabana bila kulegea, sio kiasi cha kusukuma damu na sio kidogo kiasi cha kupumzika. Yaani unapata hasara pande zote, kazi inafanyika lakini pampu haizunguki.

Nilitaka kuona kwa macho yangu, nikanunua futi ile ya fundi. Kazini tulikuwa na zamu mbili, ya mlangoni na ya doria, ya doria unazunguka jengo na kupanda ghorofa shifti nzima. Nikawa napima mzunguko wa mguu pale pembamba kabisa juu ya kifundo, asubuhi kabla ya kuvaa soksi na jioni nikizivua, mahali palepale (niliweka alama kwa kalamu, la sivyo unajidanganya, ukipanda sentimita mbili tu juu mguu ni mnene zaidi). Siku za mlangoni jioni ilikuwa inaongezeka zaidi ya sentimita moja. Siku za doria ni milimita chache tu, na kuna siku sikuona tofauti. Na siku za doria ndo nilizotembea sana. Nilimwonyesha msimamizi wetu hiyo daftari, mwanzoni akaona najitafutia sababu, ila futi haina siasa.

Sasa kuhusu nini kinasaidia. Mimi nilidhani jibu ni mapumziko, nikikaa dakika kumi na tano katikati ya shifti nitakuwa sawa. Yule mama akanipa namba moja ambayo ilibadilisha mpango wangu wote. Ukiacha kutembea na kusimama tuli, vena zinajazwa upya kutokea chini, na kwa mtu mwenye valvu nzima inachukua kama nusu dakika hivi kurudi kwenye ile presha ya mwanzo. Nusu dakika tu! Maana yake huwezi kutembea asubuhi ukaweka akiba ya mchana. Pumziko moja refu katikati ni zuri kwa misuli na kwa kupunguza uvimbe, lakini ukirudi kusimama, kabla hujamaliza kuvuta pumzi chache safu imesharudi yote. Kinachofanya kazi ni vitu vidogo vinavyorudiwa mara kwa mara, ili katika masaa nane yale ambayo presha iko juu yapungue na msuli uwe unaachiwa.

Nikaanza hivi. Kila baada ya dakika chache nanyanyua visigino vyote viwili taratibu mpaka juu, nashusha taratibu mpaka chini kabisa, kama mara kumi. Kushusha ni muhimu kama kunyanyua, nimeona wenzangu wanadundadunda juu ya vidole bila kisigino kugusa chini, hapo msuli haulegei na vena hazijai, utabana nini sasa. Kati ya hapo nahamisha uzito mguu huu kwenda ule, napiga hatua mbili mbele mbili nyuma kila mtu anapoingia. Ukiangalia vizuri mtu aliyesimama kwa hiari yake hatulii, anayumba, anahamisha nyonga, mwili unajua wenyewe. Ni amri ya kusimama kama sanamu ndo inayoua hiyo akili ya mwili.

Msimamizi alikubali vitu viwili baada ya maneno mengi, tubadilishane mlango na doria ndani ya shifti badala ya kila mtu siku yake, na pale mlangoni tuwekewe kijibao cha chini cha kupumzishia mguu mmoja. Cha kwanza ndo kilileta nafuu kubwa. Kijibao kinasaidia kiuno zaidi, na kinakulazimisha ubadilishe mguu, ila usitegemee kitamaliza uvimbe.

Viatu nilivifikiria vibaya mwanzoni, kila mtu anaongelea soli laini. Soli laini inapunguza maumivu ya wayo sawa, lakini kwa habari ya pampu la kuangalia ni kama kifundo kinakunja. Buti letu lilikuwa gumu, limefungwa kamba mpaka juu, ukitembea nalo kifundo hakisogei unatembea kama roboti, na kifundo kisipokunja shavu halibani inavyotakiwa. Nikaacha matundu mawili ya juu bila kufunga. Dada mmoja wa risepsheni alikuwa anavaa kisigino kirefu na kulalamika miguu kama sisi, na kwake ni kwamba kiatu kinamshikilia msuli ukiwa umefupika tayari, kwahiyo hata akitembea pampu inapiga nusunusu.

Soksi za kubana nazo zinasaidia kweli, lakini nimeona zinavyoharibiwa. Zinatakiwa zibane zaidi kwenye kifundo na kulegea kadiri zinavyopanda, za kawaida za watu wa kusimama zimeandikwa 15–20 mmHg kwenye pakiti, ndo zile milimita za zebaki. Kazi yake ni kuifanya vena isitanuke sana na valvu zikutane vizuri, msuli ukibana unapata kitu cha kubana. Pima mguu asubuhi kabla haujavimba, vaa asubuhi hiyohiyo, na ikiwa ndefu usiikunje juu. Mwenzangu alikunja ya kwake chini ya goti, ule mkunjo ukawa kamba inayokaba, jioni mguu umevimba kuliko asiyevaa kabisa, akatangaza kwamba soksi hizi ni utapeli. Na mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi, au mtu ambaye ateri zake za miguu zimeziba (anatembea kidogo shavu linauma mpaka asimame, miguu ya baridi), asivae bila kupimwa kwanza, maana huyo shida yake ni damu kufika na wewe unaibana zaidi.

Sasa lile la maji. Kuna siku tulipangwa mstari kusubiri mgeni mkubwa, jua kali, tumesimama mkao wa heshima, magoti yamekazwa nyuma. Joto linafungua mishipa ya ngozi kwahiyo damu inajaa miguuni zaidi. Moyo unaweza kusukuma kile tu kilichorudi, kikirudi kidogo unajaribu kufidia kwa kwenda mbio na mishipa inajibana, na kuna mahali fidia inaisha. Jamaa aliyekuwa pembeni yangu ndo mmojawapo wa wale wasiokunywa maji, akaanza kupiga miayo, jasho la baridi, uso umebadilika rangi, akaniambia "kaka naona giza" halafu akazimia. Wakamdaka watu wawili wakamshika kwapani wamemsimamisha, wanampulizia na kumwita jina. Ile ni kosa kubwa kuliko kuanguka kwenyewe. Mtu aliyezimia hivyo ubongo umekosa damu kwa sababu damu iko chini, ukimsimamisha unaiacha hukohuko. Mzee mmoja akapiga kelele mlazeni, wakamlaza chali wakamnyanyua miguu, na hazikupita sekunde nyingi akafungua macho. Mtu akichelewa kuamka, au akizimia kifua kinauma au wakati anakimbia, hiyo ni habari nyingine, hospitali.

Tangu hapo nikilazimishwa kusimama mstarini nakunywa maji kabla, silegezi wala sikazi goti mpaka mwisho, na ndani ya viatu nakunja vidole na kukaza shavu, naachia, nakaza paja, naachia, hakuna anayeona. Nikianza kusikia kichwa chepesi napishanisha miguu kama mkasi na kukaza mapaja na makalio kwa nguvu, inarudisha damu juu ya kutosha kunipa muda wa kutoka kwenye mstari na kukaa chini.

Mipaka ya haya yote ni valvu zenyewe. Zikiharibika, kwa kurithi, kwa ujauzito mara kadhaa, kwa damu iliyowahi kuganda ndani ya vena, au kwa miaka ya kutanuka, msuli unasukuma damu juu na ukilegea tu inarudi. Ile nusu dakika ya kujaa inakuwa sekunde chache, na ndo wanavyolipima, muda chini ya sekunde 20 unaonyesha valvu zinavuja. Mtu huyo hata akitembea presha haishuki kutoka 90 hadi kwenye 20 au 30, labda inashuka kidogo. Dalili zake hazijifichi, vena za nje zilizojipindapinda, uzito wa jioni, kuwashwa, ngozi ya juu ya kifundo upande wa ndani inakuwa ya kahawia na ngumu, na baadaye kidonda hapohapo kisichopona. Ukishaona ngozi inabadilika rangi usiendelee na kunyanyua visigino peke yake, kapimwe kwa ultrasaundi.

Na tofautisha uvimbe. Wa kusimama unakuja miguu yote miwili, jioni, unaisha ukilala. Mguu mmoja ukivimba ghafla, shavu linauma na lina joto kuliko lingine, hiyo inaweza kuwa damu imeganda ndani, usiuchue wala usiukande, nenda hospitali siku hiyohiyo, na ukianza kukosa pumzi au kifua kuchoma usingoje hata saa. Uvimbe wa miguu yote miwili ambao asubuhi bado upo, na unaamka usiku unatafuta hewa, hapo daktari ataangalia moyo na figo. Na vile vidonge vya kukojolesha maji mwilini ambavyo wenzangu walikuwa wanaazimana, havigusi chochote kati ya nilivyoeleza hapa, vinakukausha tu damu iliyobaki juu kisha unazimia kwenye mstari.